Namba chache, mwendo mfupi, kituo kirefu: takwimu za sensa kwenye video ya simu

*"Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari. Natengeneza video fupi za kurusha kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi na wazazi. Nimefanya moja ya sensa: nguzo za sensa zote sita kuanzia 1967, namba zinazopanda zenyewe mpaka zifike, halafu chati duara ya mikoa yote 31. Nimehangaika nayo wiki nzima, lakini kila mtu ananiambia 'nzuri ila inakimbia sana'. Nikiipunguza mwendo inachosha. Nifanyeje?"*

Mwalimu, habari za kazi. Watu wako wanaposema "inakimbia" hawalalamikii kasi. Wanasema kwamba hawakuambiwa waangalie nini, kwa hiyo walikuwa bado wanatafuta pa kuanzia pale picha ilipobadilika. Ndiyo maana ukiipunguza mwendo inachosha tu: mtu asiyejua anachotafuta hasaidiki kwa kuongezewa muda wa kukitafuta.

Kitabuni msomaji anaweza kurudi nyuma, akalinganisha, akaweka kidole kwenye mstari. Kwenye video wewe ndiye uliyeshika saa. Kwa hiyo kila chati ya video ibebe sentensi moja tu, na sentensi hiyo uiandike kabla hujafungua programu yoyote. Hebu tuitafute kwenye takwimu zako za sensa.

Kwa mamilioni ziko hivi: 1967 tulikuwa 12.3; 1978, 17.5; 1988, 23.1; 2002, 34.4; 2012, 44.9; na 2022, 61.7. Ukizitazama kwa makini utaona jambo ambalo mtoto wa kidato cha kwanza atalibeba mpaka nyumbani. Ukigawa ya mwisho kwa ya kwanza unapata tano, karibu kamili. Basi sentensi ni "Leo tuko mara tano ya tulivyokuwa 1967", na hiyo ndiyo inakuwa kichwa cha chati. "Idadi ya watu Tanzania, 1967–2022" hakifai kuwa kichwa, maana kinataja mada bila kusema lolote, na mtazamaji anabaki na kazi ya kutafuta jibu mwenyewe.

Ukishapata sentensi, inakuonyesha namba zipi ziandikwe. Hapa ni mbili tu, 12.3 na 61.7. Nguzo nne za katikati zibaki, kwa sababu zinaonyesha njia tuliyopitia, lakini zipake kijivu na usiziandikie namba. Najua inauma kuacha namba ulizozitafuta kwa jasho. Ziweke kwenye jedwali ulitume kundini pamoja na video, anayezihitaji atalifungua.

Sauti ndiyo inayopanga saa

Watu wengi hutengeneza picha kwanza, kisha wanajaribu kuisimulia juu yake. Kwa Kiswahili hilo linakwama haraka, kwa sababu namba zetu ni ndefu mdomoni. Soma kwa sauti 61,741,120, ambayo ni hesabu kamili ya 2022: milioni sitini na moja, laki saba na elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Jipime kwa saa ya simu uone sekunde zinavyokwisha kwa namba moja. Sasa sema "milioni sitini na moja nukta saba". Umemaliza mapema zaidi, na hakuna mwanafunzi aliyepoteza kitu. Hata miaka ina gharama: "mwaka sitini na saba" unatosha pale skrini inapoonyesha 1967.

Kwa hiyo rekodi sauti kwanza. Kwa sentensi yetu ningesema hivi: "Mwaka sitini na saba, kwenye sensa ya kwanza baada ya Muungano, tulikuwa milioni kumi na mbili nukta tatu. Tukaongezeka, sensa hadi sensa. Mwaka elfu mbili ishirini na mbili tumefika milioni sitini na moja nukta saba. Ni mara tano." Isikilize ukiwa na kalamu, uandike sekunde ambayo kila namba inatamkwa. Sekunde hizo ndizo zitakazoamuru kila nguzo iinuke lini. Namba iandikwe skrini wakati ule ule inapotamkwa. Ikitangulia, mtu anasoma na kuacha kukusikiliza. Ikichelewa, anasikia jambo asiloliona.

Kuchora nguzo

Kwa kazi hii usitumie chati ya tayari ya programu. Chora mistatili sita kwa mkono, kwa sababu nitakayoieleza punde. PowerPoint inatosha kabisa, na nadhani shuleni mnayo.

Fungua `Design > Slide Size > Custom Slide Size` uweke upana sm 18 na urefu sm 32, yaani umbo la simu iliyosimama. Kisha chukua kipimo kimoja ukishike: milioni moja ni robo ya sentimita. Nguzo zinakuwa na urefu wa sm 3.08, 4.38, 5.77, 8.61, 11.23 na 15.44. Upana wa kila moja uwe sm 1.5. Zote zisimame kwenye mstari mmoja wa chini, na mstari huo uwe sm 10 kutoka ukingo wa chini wa slaidi. Nafasi ya chini uiache wazi, kwa sababu ukija kuirusha video hiyo hiyo TikTok, maelezo hukaa hapo na vitufe hukaa upande wa kulia.

Mstari wa chini ni sifuri, na hapo hakuna mjadala. Nimeona watu wakianzia milioni 10 ili "tofauti ionekane vizuri". Fanya hesabu uone kinachotokea: 12.3 inabaki na urefu wa 2.3, na 61.7 inabaki na 51.7. Nguzo ya mwisho inaonekana karibu mara 22 ya ile ya kwanza, wakati ukweli ni mara tano. Mtazamaji wa video hasomi namba za pembeni. Anapima urefu kwa macho na kuondoka. Umemdanganya bila kuandika namba hata moja ya uongo.

Sasa ile sababu ya kuchora kwa mkono. Sensa zetu hazikupishana kwa miaka sawa. Kati ya 1967 na 1978 kuna miaka 11, na kati ya 1988 na 2002 kuna 14; nyingine zimepishana kwa miaka 10. Chati ya nguzo ya kawaida, usipoibadilisha, hupanga nguzo kwa nafasi sawa bila kujali. Hapo macho yanaona kwamba kutoka 1988 hadi 2002 tuliongezeka milioni 11.3, na kutoka 2002 hadi 2012 milioni 10.5, na yanahitimisha kwamba ongezeko lilipungua. Sivyo. Lile la kwanza lilichukua miaka 14, sawa na watu kama 810,000 kwa mwaka. La pili lilichukua miaka 10, sawa na milioni 1.05 kwa mwaka. Ongezeko lilipanda, na chati yenye nafasi sawa inamfundisha mwanafunzi wako kinyume chake. Kwa mwalimu wa jiografia hilo si dogo.

Dawa ni kuwapa miaka kipimo chao pia: mwaka mmoja ni robo ya sentimita. Ukingo wa kushoto wa nguzo ya 1967 uweke sm 0.75 kutoka ukingo wa slaidi. Ya 1978 ianze sm 2.75 mbele yake, na ya 1988 sm 2.5 mbele ya hiyo. Ya 2002 inaruka sm 3.5, kisha mbili za mwisho sm 2.5 kila moja. Pengo kati ya 1988 na 2002 litaonekana, na liache lionekane. Mwanafunzi akiuliza "mbona hapa pana uwazi?" ujue chati imefanya kazi. Upande wa kulia utabaki na sm 2 za vile vitufe.

Maandishi sasa. Simu nyingi zikisimama zina upana wa sm 6.5 hivi, kwa hiyo kila kitu cha slaidi yako kitapungua hadi kama theluthi moja. Herufi za pointi 28 zitaonekana kama pointi 10, na hicho ndicho kiwango changu cha chini kabisa. Miaka chini ya nguzo iandike kwa pointi 28. Itaenea bila kugusana. Zile namba mbili zipe 44 na kichwa cha juu 54, kwenye mistari miwili. Herufi za pointi 18, ambazo kwenye kompyuta zinaonekana safi tu, kwenye simu zinakuwa kama maandishi ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

Mwendo

Kazi ya mwendo kwenye chati ni kuvuta jicho pale unapotaka liende, basi. Likishafika, kila kitu kisimame, kwa sababu hakuna anayesoma kitu kinachotembea. Hapa ndipo watu wengi wamegeuza mambo: nguzo inapanda kwa sekunde tatu, halafu picha inabadilika nusu sekunde baada ya kufika. Inatakiwa kuwa kinyume. Kupanda kuwe kufupi na kusimama kuwe kurefu.

Chagua mstatili, nenda `Animations > Wipe`, kisha `Effect Options > From Bottom`. Kwenye `Duration` weka sekunde 0.6 kwa nguzo ya 1967, 0.4 kwa kila moja ya kijivu na 0.8 kwa ile ya 2022. Ya mwisho nimeipa zaidi kwa sababu ina njia ndefu na ndiyo habari yenyewe. Kwenye `Start` chagua `After Previous`, na kwenye `Delay` weka muda unaotokana na zile sekunde ulizoandika kutoka kwenye sauti. Maandishi ya namba yatokee baada ya nguzo kufika, kwa `Fade` ya sekunde 0.3.

Mpangilio wake unakuwa hivi. Sekunde mbili za kwanza kuna kichwa peke yake, ili mtu akisome bila kushindana na kitu. Halafu unatokea mstari wa chini, ukifuatiwa na nguzo ya 1967 na namba yake, na hapo unasimama mpaka sauti imalize kuitamka na sekunde moja zaidi. Wakati sauti inasema "tukaongezeka, sensa hadi sensa", nguzo nne za kijivu zinainuka moja baada ya nyingine bila kusimama. Inakuja ya 2022. Simama tena.

Mwisho kuna hatua moja ambayo ndiyo inafanya "mara tano" ionekane badala ya kusikika tu. Nakili nguzo ya 1967 mara tano, kila nakala iwe na mpaka mweupe mnene, uzipange moja juu ya nyingine ndani ya nguzo ya 2022. Sm 3.08 mara tano ni 15.40, na nguzo ni 15.44, kwa hiyo zinajaa mpaka juu. Zitokee moja moja, kwa sekunde 0.3 kila moja, sauti ikisema "ni mara tano". Kisha picha isimame kwa sekunde nne bila kitu kutikisika. Jumla haifiki sekunde 25, na hakuna atakayekuambia inakimbia.

Muda wa kusimama naupima hivi: nasoma kimya maneno yote yaliyopo skrini mara mbili, taratibu. Mara mbili kwa sababu mimi nimeyaandika na nayajua, na mtazamaji anayaona kwa mara ya kwanza.

Zile namba zako zinazopanda zenyewe kutoka sifuri ziondoe. Zinavutia, lakini muda wote zinapozunguka hakuna kinachosomeka, na kila namba inayopita si ya kweli. Mtu akipiga picha ya skrini katikati ya mwendo ana nguzo ya 2022 iliyoandikwa 38.2, na picha hiyo itasambaa kwa jina lako.

Rangi, na kinachotokea WhatsApp

Tumia mandhari nyeupe au ya krimu na maandishi meusi. Simu nyingi hutazamwa nje, juani, na mandhari nyeusi inageuka kioo cha kujitazamia uso. Nguzo ya 1967 na ya 2022 ziwe na rangi moja iliyokolea, chungwa au bluu, na nyingine kijivu. Usitenganishe vitu kwa nyekundu na kijani pekee, maana katika darasa lenye wavulana wengi si ajabu kuwamo asiyezitofautisha.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa rangi mbili kali zilizokaa pamoja. Video za kawaida huhifadhi mwanga kwa ukamilifu, lakini rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, ili faili lipungue. Jicho kwa kawaida haliligundui hilo kwenye uso wa mtu au miti. Kwenye herufi nyekundu juu ya bluu linaligundua mara moja, kwa sababu kilichozitenganisha ni rangi tu na si mwanga. WhatsApp nayo inabana video tena unapoituma, na kingo za herufi zinavimba. Herufi nyeusi juu ya nyeupe zinavumilia. Vistari vyembamba vya gridi havivumilii, na kwa chati ya namba mbili huvihitaji kabisa.

Ukimaliza, toa video kwa `File > Export > Create a Video`, kisha angalia vipimo vya faili. Kwenye Windows bofya kulia, `Properties > Details`, tazama `Frame width`. Slaidi ikiwa imesimama, upana unaweza kutoka mdogo kuliko ulivyotarajia hata ukichagua `Full HD (1080p)`. Ukiona chini ya 1080, rudia kwa `Ultra HD (4K)`. Halafu jitumie mwenyewe WhatsApp na uitazame kwenye simu ya kawaida, ile ya mzazi, si kwenye kompyuta uliyoitengenezea. Hapo ndipo utajua herufi zimebaki au zimekufa.

Kisha mpe mtu ambaye hakuiona. Izime sauti, aitazame mara moja, halafu muulize, "Imesema nini?" Akijibu "tumekuwa mara tano", tuma. Akijibu "ni mambo ya sensa", kichwa hakijasomeka au kimesimama muda mfupi. Akitaja namba ya kijivu au kuuliza maana ya rangi, kuna kitu kinavuta jicho pasipotakiwa, na mara nyingi dawa yake ni kukiondoa.

Ile chati duara

Mikoa 31 kwenye duara moja haisomeki hata ukiipa dakika nzima. Tangu mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walionyesha kwa majaribio kwamba watu hukadiria urefu na nafasi kwenye mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko wanavyokadiria pembe. Kwa takwimu zako, Mwanza yenye milioni 3.7 ni kipande cha nyuzi kama 22, na Tabora yenye 3.4 ni nyuzi kama 20. Hakuna jicho linaloiona tofauti ya nyuzi mbili, hasa vipande vikiwa vimeinama kila kimoja upande wake.

Rudi kwenye sentensi. Ukitaka kusema "Dar es Salaam inaipita Mwanza kwa watu milioni 1.7", chora nguzo tano zilizolala: Dar es Salaam 5.4, Mwanza 3.7, Tabora 3.4, Morogoro 3.2, Dodoma 3.1. Zilaze ili majina yasomeke bila kuinamisha shingo, na namba ikae kwenye ncha ya kila nguzo. Mikoa mingine 26 iende kwenye jedwali. Lakini ukitaka kusema "Watatu kati ya kila kumi wanaishi katika mikoa mitano tu", ambayo pia ni kweli, maana mikoa hiyo ina milioni 18.8 kati ya 61.7, basi nguzo hazikufai tena. Chora miraba kumi mikubwa kwa mstari mmoja, yote kijivu, halafu mitatu ibadilike rangi kwa pamoja. Usiziweke picha hizi mbili kwenye video moja. Zitume siku mbili tofauti.

Na kwenye picha ya mwisho ya kila video, ile inayosimama sekunde nne, hakikisha kichwa, namba na mstari wa "Chanzo: NBS, Sensa ya 2022" viko pamoja. Hiyo ndiyo watu wataipiga picha na kuiweka kwenye stetasi, na huko itasafiri bila sauti yako.